Mpunga wa Mombo: ruzuku ya mbolea au ushuru wa mchele wa nje, kipi kinamfikia mkulima? (Naandaa mada ya semina)

Mchambuzi_Chipukizi

Wanajukwaa, salaam. Nina zamu ya kuwasilisha kwenye semina ya sera hapa Tanga mjini. Swali nililopewa: serikali ikitaka kuinua kipato cha mkulima wa mpunga, imshushie bei ya mbolea au imkingie soko kwa ushuru wa forodha? Nimechagua skimu ya Mombo kule Korogwe, kwa kuwa wana maji ya mfereji na wanavuna zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Ninachokijua hadi sasa ni hiki. Ruzuku iliyozinduliwa Nane Nane ya 2022 kule Mbeya ilishusha mfuko wa kilo 50 wa DAP kutoka karibu 131,000 hadi 70,000, na urea kutoka karibu 124,000 hadi 70,000. Upande wa forodha, mchele unaotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki unatozwa asilimia 75 ya thamani yake au dola 345 kwa tani, chochote kitakachokuwa kikubwa.

Ninapokwama ni kuviweka viwili hivi kwenye mizani moja. Ruzuku inahesabiwa kwa mfuko, ushuru unahesabiwa kwa tani bandarini, na mkulima mwenyewe anahesabu gunia. Naomba mnisaidie.

Bwana_Majaruba

Kaka, mbona jibu liko wazi? Ushuru ukipanda, mchele wa nje unakuwa ghali, bei ya ndani inapanda, mkulima anapata. Asilimia 75 maana yake mkulima wetu anauza kwa bei ya juu kwa asilimia 75 kuliko ambavyo angeuza bila ushuru. Mbolea ni kitu kidogo mbele ya hilo. Mimi ningesema semina nzima uizungumzie forodha.

Mzee_wa_Machungwa

Huu ushuru mnaousifia mimi umenichosha. Nalima machungwa Muheza. Gari likipakia tu, kizuizini wanataka ushuru. Mnunuzi anasema huo atanikata mimi kwenye bei. Sasa nyie mnataka upandishwe tena?

Mchambuzi_Chipukizi

Shikamoo mzee wangu. Unaousema wewe ni ushuru wa mazao wa halmashauri. Mimi nauliza wa forodha, ule unaotozwa mchele wa Pakistani na kwingineko ukishuka bandarini.

Mzee_wa_Machungwa

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Lakini na huo wetu uuweke kwenye semina, nao unatoka mfukoni mwa mkulima.

Afisa_Ugani_Mstaafu

Mzee ana hoja na nitamrudia. Kwanza nianze na mizani, maana hapo ndipo penye ufunguo wa mada yako, kijana.

Chukua eka moja ya Mombo yenye maji ya uhakika, mbegu SARO 5, imepandikizwa vizuri. Tuseme inatoa magunia 20 ya mpunga, gunia la kilo 80, na mkulima anauza gunia 70,000. Ametumia mfuko mmoja wa DAP kupandia na mifuko miwili ya urea kukuzia. Kwa bei zako za 2022, bila ruzuku mifuko hiyo mitatu ingemgharimu karibu 379,000. Kwa ruzuku ni 210,000. Amebakiza karibu 170,000 kwa eka.

Sasa igawanye hiyo 170,000 kwa magunia 20. Unapata 8,500. Hiyo ndiyo mizani uliyokuwa unaitafuta. Ruzuku yote ya mbolea kwenye eka hiyo ina thamani sawa na shilingi 8,500 juu ya bei ya kila gunia. Bei ikishuka kutoka 70,000 hadi 61,500, ruzuku imekwisha yote, na mkulima yuko pale pale alipokuwa kabla haijaja. Na 8,500 katika 70,000 ni kama asilimia 12 tu. Anayejua soko la mpunga anajua kwamba kushuka kiasi hicho kati ya wiki ya kwanza ya mavuno na wiki ya tatu ni jambo la kawaida.

Angalia pia kwamba kadiri mkulima anavyozalisha zaidi, ndivyo bei inavyomgusa zaidi. Mwenye magunia 28 anahitaji anguko la 6,000 hivi tu kwa gunia ili ruzuku yake ipotee.

Bwana_Majaruba

Si ndiyo nilichosema! Bei ndiyo kila kitu. Kwa hiyo ushuru.

Afisa_Ugani_Mstaafu

Nusu yake uko sahihi, ndugu yangu. Bei ina nguvu kuliko mfuko wa mbolea, hilo kweli. Lakini ushuru hauwi bei moja kwa moja. Ngoja nioneshe kwa eka ile ile.

Gunia la kilo 80 likikobolewa linatoa takriban kilo 52 za mchele. Tuseme bei ya jumla Tanga ni 1,600 kwa kilo. Hizo ni 83,200. Toa kukoboa, gunia tupu, usafiri na faida ya dalali, tuseme 13,000, mkulima anabaki na ile 70,000 yetu.

Sasa nenda bandarini. Tuseme mchele wa nje unafika kwa dola 450 kwa tani na dola ni 2,500. Asilimia 75 ya 450 ni dola 337 na kitu, iko chini ya 345, kwa hiyo unatozwa 345. Kwanza hesabu kilo moja bila ushuru wowote: 1,125, ukiongeza gharama za bandari na gari hadi Tanga tuseme 1,300. Ushuru wa dola 345 kwa tani unaongeza kama 860 kwa kilo. Kwa hiyo mchele wa nje uliolipiwa ushuru kamili unafika sokoni kwa karibu 2,160.

Bei ya Tanga ni 1,600. Mchele wa 2,160 hauwezi kuja kushindana nao. Nani ameweka hiyo 1,600? Mavuno yetu wenyewe, pamoja na wanunuzi wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaokuja kubeba. Ushuru uko juu kama dari, na bei haijagusa dari. Ukiupandisha hadi asilimia 100, mkulima wa Mombo haongezewi hata shilingi. Hata ukiukata nusu, mchele wa nje ungefika kwa 1,730 hivi, bado haujamgusa.

Ile kauli kwamba anauza juu kwa asilimia 75 ingekaribia kuwa kweli kama nchi ingekuwa inategemea mchele wa nje kujaza pengo, kila mwezi. Mwaka tunaovuna vizuri na kuwauzia majirani, haiwi hivyo.

Bwana_Majaruba

Hapo sikubaliani kabisa. Kama ushuru hauna kazi, mbona ulipoondolewa watu walilia? 2013 serikali iliruhusu mchele uingie bila ushuru, na wakulima walipiga kelele nchi nzima.

Afisa_Ugani_Mstaafu

Umeleta mfano bora kabisa, na hesabu inaueleza. Kupunguza ushuru kidogo hakumgusi mkulima, kuuondoa wote kunamwangusha. Bila ushuru mchele unafika Tanga kwa 1,300. Bei ya jumla haiwezi kukaa 1,600 tena, itavutwa kushuka. Ikifika 1,300, kilo 52 ni 67,600, toa 13,000, mkulima anabaki na 54,600. Amepoteza 15,400 kwa gunia, yaani 308,000 kwa eka. Karibu mara mbili ya ruzuku yote ya mbolea.

Lile la 2013 lilikuwa na jeraha la pili. Majirani waliogopa kwamba mchele wa Asia ulioingia kwetu bila ushuru utapita kwenda kwao ukijiita wa Tanzania. Uganda ikafikia kuutoza mchele kutoka kwetu ile asilimia 75, kana kwamba sisi si wanajumuiya. Mkulima akapigwa ndani na nje kwa wakati mmoja, kwa sababu soko lililokuwa linashikilia bei yake ndilo lililofungwa.

Kwa hiyo kijana, kwenye semina usiishie kuuliza ushuru ni asilimia ngapi. Uliza msamaha unatolewa lini, kwa tani ngapi, na unatangazwa mapema kiasi gani. Kinachomtia mkulima hasara ni msamaha wa ghafla.

Mpunga_Wangu_Mombo

Mimi ni mkulima hapa hapa Mombo, nimesoma yote. Naomba niwaeleze ya kwangu. Sina jaruba langu, nakodi. Kabla ya ruzuku nilikuwa nakodi eka kwa 200,000 kwa msimu. Msimu uliofuata ruzuku mwenye shamba akasema 250,000. Uliofuata, 300,000. Nikamuuliza sababu, akanijibu wazi: "Mbolea mmepunguziwa, mnapata."

Sasa afisa, katika hiyo 170,000 yako, mimi nimebaki na ngapi?

Afisa_Ugani_Mstaafu

Umebaki na 70,000, ndugu yangu, na 100,000 imekwenda kwa mwenye shamba. Asante sana kwa kuleta hili, maana semina nyingi za sera hazilifikii. Eka zenye maji Mombo hazizai eka nyingine. Wanaozitaka ni wengi. Chochote kinachoongeza faida ya kulima eka hiyo, iwe mbolea nafuu au bei nzuri, wakodishaji watagombania shamba hadi sehemu kubwa ya faida iingie kwenye kodi.

Kwenye bonde ambako ardhi bado ipo, kodi haipandi hivyo na mpangaji anabaki na kilicho chake.

Mchambuzi_Chipukizi

Lakini mzee, tutajuaje kwamba kodi imepandishwa na ruzuku? Bei ya mchele nayo ilipanda sana mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023. Huenda mwenye shamba aliangalia bei ya gunia akasingizia mbolea.

Afisa_Ugani_Mstaafu

Swali zuri, na kwa kisa kimoja huwezi kuvitenganisha. Ungehitaji kodi za misimu kadhaa, ndani ya skimu na nje ya skimu. Ukikuta kodi inabaki juu hata msimu ambao gunia limeshuka bei, mbolea ina mkono wake. Ikishuka pamoja na gunia, basi ni bei. Mimi nadhani vyote viwili vilihusika, ila sitaweka asilimia.

Mpunga_Wangu_Mombo

Msimu ambao gunia lilishuka, kodi haikushuka. Hilo nakuambia kama aliyelipa. Ila majirani zangu wawili wamepunguziwa, kwa hiyo sijui.

Binti_Pangani

Naomba na sisi wa pwani tusikike. Mimi ni mkulima, lakini nalima mihogo na nina minazi. Mchele nanunua. Mnapofurahia gunia la Mombo kupanda bei, mimi nalipa zaidi dukani. Watoto wanne, kilo moja na nusu kwa siku tukipika mchele. Bei ikipanda 300 kwa kilo, naongeza 450 kila siku ya mchele. Mnaposema "kipato cha mkulima", mkulima yupi?

Na huku kwetu hiyo bei ya 2,160 ya afisa ni ya kwenye karatasi. Mchele wa mapembe unafika kutoka Unguja na Pemba kwa majahazi usiku, unashushwa bandari bubu, na asubuhi uko dukani.

Bwana_Majaruba

Dada huo ni magendo, hauwezi kuingia kwenye hesabu ya sera.

Afisa_Ugani_Mstaafu

Lazima uingie, ndugu yangu, tena kwa Tanga na Bagamoyo kuliko mahali pengine popote. Mchele unaoingizwa Zanzibar unatozwa ushuru mdogo kuliko wa bara, kwa sababu visiwa vinakula mchele mwingi kuliko vinavyoweza kulima. Tofauti ile ikiwa kubwa kuliko nauli ya jahazi pamoja na hatari ya kukamatwa, mchele utavuka. Hivyo dari halisi ya bei pwani ni bei ya Unguja ukiongeza gharama za kuvusha. Ukipandisha ushuru wa bara, unaongeza faida ya mvushaji, na mkulima wa Korogwe anaweza asione kitu.

Utalitambua hivi: linganisha bei ya jumla ya Tanga mjini na ya Mombo kwa wiki moja. Kawaida Tanga inakuwa juu kwa kiasi cha nauli ya gari. Ukikuta wiki ambazo Tanga iko sawa na Mombo au chini yake, ujue mchele umeingia kutoka upande wa bahari. Muangalie pia mchele wenyewe. SARO 5 unanukia, ule wa mapembe haunukii, na wapishi wa Tanga wanalijua hilo bila kuambiwa. Hiyo harufu inaupa mchele wetu nafasi ya kuuzwa juu kidogo ya dari, kiasi gani inategemea mnunuzi.

Kuhusu swali lako dada, uko sahihi kabisa. Chukua mkulima wa Mombo mwenye magunia 20 anayeuza 12 na kula 8. Bei inamgusa kwenye 12 tu. Kwake ruzuku ya 170,000 ni sawa na 14,000 kwa gunia analouza. Kwa hiyo kadiri mkulima anavyouza kidogo, ruzuku inamfaa zaidi kuliko bei. Na wewe usiyeuza mpunga kabisa, bei ya juu inakuumiza na ruzuku ya mpunga haikufikii isipokuwa ikishusha bei.

Mchambuzi_Chipukizi

Nafikiri sasa naona mada. Lakini kuna mtu aliniambia ruzuku ina faida nyingine, kwamba inaongeza mavuno, sio tu kupunguza gharama. Hapo umehesabu kama mkulima angenunua mifuko mitatu hata bila ruzuku.

Afisa_Ugani_Mstaafu

Umenishika pazuri. Wenye maji Mombo wengi walikuwa wananunua mbolea kabla ya ruzuku, kwao ni pesa iliyorudi mfukoni. Aliyekuwa hanunui, au ananunua mfuko mmoja, ndiye anayebadilisha uamuzi.

Chukua mfuko mmoja wa ziada wa urea. Una kilo 23 za naitrojeni. Kwenye jaruba lenye maji, palizi ikifanywa kwa wakati, kila kilo inaweza kuleta kilo 12 hivi za mpunga. Hizo ni kilo 276, magunia matatu na nusu, karibu 240,000. Kwa 124,000 bado kunalipa, kwa 70,000 kunalipa sana. Sasa nenda bondeni kunakotegemea mvua, ambako kilo ya naitrojeni inaleta labda kilo 5. Unapata kilo 115, gunia moja na nusu kasoro, karibu 100,000. Kwa bei ya 124,000 mkulima anapata hasara, hivyo hanunui na hajakosea. Kwa 70,000 anapata 30,000, ananunua. Yeye amefaidika kweli. Ila nchi imelipa 124,000 ili ipate mpunga wa 100,000. Kwake tatizo kubwa ni maji, na mbolea ya bei nafuu haileti maji.

Na haya yote yanategemea mbolea ifike. Urea ya kwanza inatakiwa wiki mbili hadi tatu baada ya kupandikiza, ya pili kabla mpunga haujaanza kubeba mimba. Ikifika umeshachanua, mkulima amenunua majani.

Mpunga_Wangu_Mombo

Hilo la kufika ndilo linatuumiza. Msimu mmoja namba yangu ya usajili ipo, ujumbe kwenye simu upo, lakini kwa wakala mbolea hakuna. Nilikwenda mara tatu Korogwe mjini. Nauli na siku nilizopoteza, kisha nikanunua SA nikakuzia nayo ili mpunga usinifie. Sasa kwenye hesabu ya afisa weka na nauli.

Mzee_wa_Machungwa

Na ule ushuru wangu, afisa, uliahidi kuurudia.

Afisa_Ugani_Mstaafu

Kweli mzee wangu, niwie radhi. Tangu mabadiliko ya 2017 ushuru wa mazao wa halmashauri ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kisheria unalipwa na mnunuzi, lakini kama ulivyosema, anaukata kwenye bei yako. Kwa gunia la 70,000 ni 1,400. Magunia 20 ni 28,000. Ukilinganisha na 170,000 ya mbolea si mwingi. Tofauti yake ni kwamba haukosi: mbolea inaweza kuchelewa na msamaha wa mchele unaweza usitolewe, lakini ushuru wa kizuizini utalipwa kila gari linapopita.

Bwana_Majaruba

Bado nasema ushuru wa forodha una kazi hata usipogusa bei ya leo. Mwenye mashine ya kukoboa anakopa na kununua mpunga mwingi kwa sababu anajua mchele wa 1,300 hautaingia kesho. Ukiondoa dari, atanunua kidogo na kwa bei ya woga, hata kama hakuna meli iliyokuja.

Afisa_Ugani_Mstaafu

Hilo nalikubali, na ni hoja nzito kuliko ile ya mwanzo. Inakwenda pamoja na suala la msamaha wa ghafla. Ila inategemea wenye mashine wanaamini kiasi gani kwamba msamaha hautakuja, na imani hiyo sijui utaipimaje.

Mchambuzi_Chipukizi

Nakwenda Mombo Alhamisi. Nitachukua kodi za mashamba kwa misimu mitatu, ndani na nje ya skimu, na bei za gunia kwa wenye mashine wawili watatu. Nitawauliza pia swali la Bwana_Majaruba, wangenunua magunia mangapi kama wangesikia tetesi za msamaha. Bei za Tanga mjini nitazipata Soko la Mgandini. Nani anaweza kunisaidia za upande wa Pangani?

Binti_Pangani

Nitakuletea. Ila uandike na siku majahazi yalipofika, vinginevyo bei zangu hazitakuambia kitu.

Mpunga_Wangu_Mombo

Ukifika ulizia mfereji mkuu, utaelekezwa kwetu. Na uzungumze na wapangaji peke yao, wenye mashamba wakiwa mbali. Kodi tunazotajiana mbele yao siyo tunazolipa.